Sipro nusu, jenta moja: usikimbilie namba ndogo

Daktari wa zamu alinipigia simu maabara karibu na saa sita mchana, majibu ya mkojo yakiwa mkononi mwake. "Dada, hapa naona E. coli, sipro MIC ni 0.5, jenta ni 1. Sipro imeizidi jenta nguvu, sivyo? Nimpe vidonge aende zake nyumbani." Nikamwambia asubiri kidogo, maana kwenye karatasi ile ile, mbele ya siprofloksasini kulikuwa na herufi I, yaani dawa iko katikati, na mbele ya jentamisini kulikuwa na S, yaani bakteria wanaisikia dawa.

Kosa hilo nimelisikia mara nyingi, na sishangai. MIC ni kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia bakteria wasiote hata tukaona kwa macho, kwa miligramu kwa lita. Mtu akisikia hivyo anadhani dawa yenye namba ndogo ndiyo kali. Lakini kila dawa ina kipimo chake mwilini: dozi yake, jinsi inavyofika kwenye damu na mkojo, muda inaokaa. Kwa hiyo kila dawa imewekewa mpaka wake. Kwa siprofloksasini na jamii ya E. coli, CLSI, taasisi inayoweka viwango vya vipimo hivi, wanaita S kuanzia 0.25 kushuka, 0.5 ni I, na 1 kwenda juu ni R, yaani bakteria ni sugu. Kwa jentamisini, 2 kushuka bado ni S. Basi 0.5 ya sipro imeshavuka mpaka wake, na 1 ya jenta haijaufikia. MIC ya dawa hulinganishwa na mpaka wa dawa hiyo hiyo, si na MIC ya jirani yake.

Daktari akaelewa, mgonjwa akachomwa jenta. Nikakata simu nikijiona mwalimu. Kumbe ile 0.5 yenyewe ilikuwa na walakini, na walakini ulikuwa wangu.

Nieleze kwanza tunavyoifanya. Sahani ina vishimo 96, na kila mstari una 12. Kishimo cha kwanza naweka mikrolita 100 za dawa, cha pili hadi cha 11 naweka mikrolita 50 za mchuzi wa Mueller-Hinton uliorekebishwa kalsiamu na magnesiamu. Halafu nachota 50 kutoka cha kwanza, nachanganya kwenye cha pili, nachota 50 tena kwenda cha tatu, hadi cha kumi, na 50 za mwisho nazitupa. Kila hatua dawa inapungua nusu. Cha 11 hakina dawa, kina mchuzi na kitapata bakteria tu, na cha 12 ni mchuzi mtupu.

Bakteria nao nawapima. Nachukua vimelea vya usiku mmoja, nakoroga kwenye maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na kipimo cha ukungu cha McFarland 0.5, ambayo ni kama seli milioni 100 kwa mililita. Nazimua mara 100, kisha natia mikrolita 50 kwenye kila kishimo kuanzia cha kwanza hadi cha 11. Kwa kuwa tayari mna mikrolita 50, vitu vyote viwili vinapungua nusu: bakteria wanabaki kama laki tano kwa mililita, na dawa nayo inashuka. Nikitaka kishimo cha kwanza kiishie kwenye 8, lazima nianze na dawa ya 16. Weka hilo akilini.

Sahani inalala kwenye inkubeta ya nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 20. Asubuhi naishika juu ya karatasi nyeusi, taa ikitokea pembeni. Naanza na cha 11: kama hakina ukungu au kitone cheupe chini, sisomi chochote, bakteria hawakuota. Cha 12 kikiwa na ukungu, mchuzi umechafuliwa. Vikiwa sawa, ndipo nasoma mstari. Wa yule mgonjwa ulikuwa hivi: vishimo vya dawa ya 8, 4, 2, 1 na 0.5 ni angavu kama maji, 0.25 kina kitone, na vyote vya chini yake vina vitone. Kishimo cha mwisho kisicho na ukuaji ni 0.5, hiyo ndiyo MIC.

Kwa kweli dawa inayohitajika iko mahali fulani juu ya 0.25 na isiyozidi 0.5, sisi tunaandika ngazi ya juu. Tena ukirudia jaribio lile lile kesho, kupata ngazi moja juu au moja chini ni jambo la kawaida. Kwa hiyo 0.5 ya sipro ingeweza kutoka 0.25 au 1, yaani S, I au R, bila mtu kukosea popote. Namba iliyo mbali na mpaka inatulia, iliyo ukingoni inayumba.

Pamoja na wagonjwa tunapima kila mara E. coli ya rejea, ATCC 25922, kwa mstari unaoanzia chini zaidi. Sipro yake inatakiwa kuangukia kati ya 0.004 na 0.016. Yangu ilikuwa 0.016. Imepita, natia tiki. Juzi yake 0.016, tiki. Wiki tatu tiki tupu. Mwenzangu ndiye aliyekaa na daftari siku moja akateremsha kidole kwenye safu nzima, akauliza: "Hivi hii haijawahi kusoma 0.008?" Jenta ilikuwa inachezacheza katikati ya eneo lake kama kawaida. Sipro tu ndiyo imeganda ukingoni.

Nikafuata hesabu zangu. Niliandaa fungu moja la sipro, nikaligawa kwenye vichupa nikavigandisha. Nilitaka kishimo cha kwanza kiwe 8, nikatengeneza dawa ya 8, nikasahau kwamba mikrolita 50 za bakteria zitaikata iwe 4. Dawa halisi ilikuwa nusu ya niliyoandika kila mahali, kwa hiyo kila MIC ya sipro ilionekana kubwa mara mbili. Na kwa kuwa eneo linaloruhusiwa lina ngazi tatu, kosa la ngazi moja lilijificha ndani yake.

Tangu hapo siangalii tu kama rejea imepita. Ikigusa ukingo ule ule mara tatu mfululizo, nasimamisha dawa hiyo. Na kabla ya kulaumu dawa nahesabu bakteria, kwani wakizidi nao huinua MIC. Mara tu baada ya kujaza sahani nachota mikrolita 10 kutoka kishimo cha 11, natia kwenye mililita 10 za maji ya chumvi, nasambaza mikrolita 100 kwenye agari. Kesho yake nitarajie makoloni kama 50, na kati ya 20 na 80 naridhika. Agari hiyo hiyo inanionyesha kama kuna kimelea cha pili kimejipenyeza. Nikiwahi kuona kishimo chenye dawa ya 1 ni angavu, chenye 2 kina kitone na chenye 4 ni angavu tena, naiangalia agari hiyo kwanza. Kishimo kimoja kilichoruka hivyo nasoma cha juu, yaani 4, au narudia. Vikiwa viwili sitoi jibu.

E. coli wa yule mgonjwa alikuwa bado kwenye friza. Nilimpima upya kwa dawa mpya mara tatu: 0.25, 0.25, 0.5. Nikampigia daktari.

"Kwa hiyo sipro ingefaa?"

"Huenda. Lakini usiandike kwa sababu yangu kwamba ilikuwa kali kuliko jenta."

Akacheka. Mgonjwa alikuwa ameshapona kwa sindano. Mimi nikarudi kwenye daftari, kulikuwa na majibu mengine ya sipro ya wiki tatu yanayosubiri kurudiwa, nikaanza na yale yaliyosoma 0.5 na 1.