Grafu ikilala, usanisinuru umesimama?

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha baiolojia sekondari moja hapa Kasulu, Kigoma. Somo ni la Kiingereza, lakini kwenye ufafanuzi na marudio tunatumia Kiswahili. Niliwapa wanafunzi grafu ya ukali wa mwanga na kasi ya usanisinuru, nikauliza kwa nini mstari unalala upande wa kulia. Mmoja akajibu: "Mwanga umezuia usanisinuru, kwa hiyo ukasimama." Mimi nimemkosesha. Mwenzangu anasema amepata, ila Kiswahili chake kibovu. Je, "kuzuia" ni neno sahihi hapa? Na ile sehemu iliyolala tuielezeje?*

Marahaba, mwalimu. Umemkosesha kwa haki, na mwenzako amemwonea kwa kusema Kiswahili chake ni kibovu. Sentensi imenyooka kabisa. Tatizo ni kwamba inasema mambo ambayo grafu haisemi, na yote yameingia kupitia vitenzi viwili, "kuzuia" na "kusimama".

Tuanze na "kuzuia". Ukiambiwa mgambo wamezuia magari pale kizuizini, unaelewa kwamba magari hayapiti. Mwanga hauufanyii usanisinuru hivyo. Bila mwanga hakuna usanisinuru, kwa hiyo anayesema mwanga unauzuia amegeuza habari juu chini. Anachotaka kusema ni kwamba mwanga ukiwa mchache, kasi haiwezi kwenda zaidi ya hapo ilipofika. Kwa maana hiyo tunalo neno la kila siku, "kubana". Tunasema hali imebana, bajeti imebana, muda umebana, na kila anayesikia anajua kwamba maisha yanaendelea, bajeti inatumika na kazi inafanyika, ila nafasi ni finyu. Ndiyo maana napendelea kusema "uchache wa mwanga unabana kasi ya usanisinuru". Kwa ufupi, "mwanga ndio unaobana". Neno "uchache" ningelisisitiza kwa wanafunzi wanaoanza, kwa sababu kinachobana ni upungufu wa kitu, wala si uwepo wake.

Wazo lenyewe lilielezwa mwaka 1905 na mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Frederick Frost Blackman. Alisema kwamba shughuli inayotegemea mambo kadhaa kwa pamoja huenda kwa mwendo wa lile lililo nyuma kuliko mengine. Ukiongeza yale mengine, hakuna kinachobadilika mpaka uliongeze lile lililo nyuma. Kwenye usanisinuru mambo yanayosomwa zaidi darasani ni matatu: ukali wa mwanga, kiasi cha kabonidayoksaidi na halijoto. Kwa hiyo mwanafunzi akitazama sehemu yoyote ya grafu, ajiulize: hapa nani anabana?

Sasa "kusimama", na hapa ndipo ningekaa na darasa muda mrefu zaidi. Wanafunzi wengi wamekwisha kuona grafu nyingine zinazolala, hasa kwenye kemia. Asidi inamwagiwa vipande vya chokaa, gesi inakusanywa, na kwenye mhimili wima wanaandika ujazo wa gesi, kwenye mhimili mlalo wanaandika muda. Mstari unapanda, kisha unalala. Pale, kulala kwa mstari maana yake ni kwamba gesi haitoki tena, mmenyuko umekwisha. Neno "umesimama" ni sahihi.

Grafu yako haikupima kiasi. Imepima kasi. Mhimili wima unaonyesha oksijeni inatoka kiasi gani kwa kila dakika. Mstari ukilala juu, maana yake ni kwamba oksijeni inatoka kwa wingi uleule kila dakika, na huo ndio wingi mkubwa kuliko wote kwenye grafu nzima. Mmea uko kazini kwa nguvu zake zote. Usanisinuru ungekuwa umesimama kweli, mstari ungeshuka mpaka ugote sifuri. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote kuhusu mstari, mwanafunzi asome maneno yaliyoandikwa kando ya mhimili wima. Likiwa "kasi", mstari uliolala unasemwa "kasi haiongezeki tena" au "kasi inabaki palepale". Likiwa "kiasi" au "ujazo", basi aseme "imesimama", na hakuna atakayemkosesha.

Kosa la tatu limejificha kwenye "-ka-" ya "ukasimama". Hiyo ni "-ka-" ya masimulizi, ya nilikwenda nikamkuta tukaongea. Inapanga matukio moja baada ya jingine, na kwa hiyo inageuza grafu kuwa hadithi ya mchana mmoja: kwanza ulipanda, halafu ukasimama. Mhimili mlalo wa grafu yako si muda. Ni ukali wa mwanga. Kila nukta ni jaribio lake, na nukta ya mwisho ingeweza kupimwa kwanza bila grafu kubadilika. Kiswahili kina muundo wake hasa kwa kazi hii, "kadiri ... ndivyo". Kadiri mwanga unavyozidi kuwa mkali, ndivyo kasi inavyoongezeka, mpaka kiwango fulani. Kuanzia hapo, mwanga ukiongezwa kasi haibadiliki. Mwanafunzi aliyezoea muundo huu hawezi kuchanganya mwanga na muda, kwa sababu sentensi yenyewe haimpi nafasi.

Tuyaweke haya kwenye jaribio ambalo shule kama yako inaweza kulifanya bila gharama. Chukua mmea unaoota ndani ya maji, uzamishe kwenye chombo cha kioo, elekeza taa, hesabu viputo vinavyotoka kwenye shina lililokatwa kwa dakika moja. Tuseme taa ikiwa sentimita 40 mnahesabu viputo 5, ikiwa sentimita 20 mnahesabu 20, sentimita 14 viputo 27, sentimita 10 viputo 28. Kumbukeni kwamba umbali ukipungua nusu, mwanga unaofika kwenye mmea unakuwa mara nne. Kwa hiyo kutoka 40 kwenda 20 mwanga umekuwa mara nne, na viputo vimekuwa mara nne. Mmea ulikuwa na njaa ya mwanga, na kila kilichoongezwa kimetumika. Hapo mwanga ndio unaobana. Lakini kutoka 20 kwenda 10 mwanga umekuwa tena mara nne, huku viputo vikiongezeka nane tu, na kutoka 14 kwenda 10 kimeongezeka kimoja. Mwanga upo tele na hautumiki. Kuna kingine kinachobana.

Nani? Grafu yenye mstari mmoja haijibu, na mwanafunzi asilazimishwe kukisia. Rudieni jaribio lilelile, safari hii mkiweka kwenye maji soda kidogo ya kupikia, ambayo inaongeza kabonidayoksaidi kwa mmea. Tuseme sasa sentimita 40 inatoa viputo 5, sentimita 20 viputo 20, sentimita 10 viputo 46. Chora mistari yote miwili kwenye grafu moja. Upande wa kushoto imelaliana, haitofautiani hata kidogo. Upande wa kulia imeachana, ule wa soda umepanda juu. Pale ilipolaliana, kuongeza kabonidayoksaidi hakukusaidia, kwa hiyo siyo iliyokuwa inabana. Pale ilipoachana, kuiongeza kumepandisha kasi, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa inabana. Hiyo ndiyo njia ya kusoma grafu yoyote yenye mistari miwili, na maneno "kulaliana" na "kuachana" yanatosha kuielezea. Na kwa kuwa kabonidayoksaidi ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa tunayovuta, haishangazi kwamba mwanga ukiwa mkali, yenyewe ndiyo hukutwa ikibana mara nyingi.

Angalieni jambo moja hapo. Balbu za kizamani hutoa joto jingi, na ukisogeza taa karibu, maji nayo yanapata moto. Viputo vikiongezeka, hujui sifa umpe mwanga au joto. Wekeni chombo bapa cha kioo chenye maji kati ya taa na mmea kimeze joto, na kipimajoto kikae ndani ya maji ya mmea muda wote. Kisipotulia, kwenye maelezo yenu msiandike "mwanga umeongeza kasi".

Grafu ya kabonidayoksaidi dhidi ya kasi ina umbo lilelile la kupanda kisha kulala, na inasemwa kwa maneno yaleyale. Ya halijoto ndiyo inayotaka uangalifu, kwa sababu hailali. Inapanda, inafika kilele, inaporomoka. Upande wa kushoto wa kilele vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya jani vinakwenda polepole kwa sababu ya ubaridi, na hapo "halijoto ya chini inabana kasi" ni kauli safi, mradi mwanga na kabonidayoksaidi vipo vya kutosha. Kilele kwa mimea mingi kiko kati ya nyuzi 25 na 35. Joto likizidi sana, kufika kama nyuzi 40 na kuendelea, vimeng'enya vinaanza kupoteza umbo lake, na kimeng'enya kilichopoteza umbo hakishiki tena kile kinachopaswa kukishika. Hapa halijoto si chache, kwa hiyo usiseme inabana. Inaharibu. Mwanafunzi akiandika "joto kali limezuia usanisinuru" kwenye upande huu wa kulia, mpe alama yake, maana kasi inashuka kweli kuelekea sifuri, na hata maji yakipozwa baadaye, sehemu ya vimeng'enya hivyo haitarudi kazini.

Kwa mwanafunzi wako wa Kasulu, jibu la alama zote lingekuwa hivi: "Kuanzia hapo mwanga haubani tena, kasi inabaki palepale kwa sababu kabonidayoksaidi au halijoto ndiyo inayobana." Hilo neno "au" asilifute, kwa sababu kwenye grafu yenye mstari mmoja ndilo jibu kamili.