Ganzi ya mikono usiku: kabla hujaandika "neva", pima kidole cha pete

Wewe tabibu unayeanza kazi huku Kigoma, iwe Ujiji, Mwandiga au kijiji cha kando ya ziwa, utakutana mapema na mama anayesema mkono unauma kifundoni na usiku vidole vinakufa ganzi. Kazi za huku zinachosha viganja: kukamua mawese, kutwanga, kuvuta nyavu. Mara nyingi anaandikiwa "neva", anachomwa vitamini B na kurudi nyumbani. Usiishie hapo. Ganzi hiyo inaweza kutoka kifundoni, shingoni au kwenye kisukari, na kwa mikono yako tu utaweza kutenganisha mengi.

Nitaeleza kwa mama mmoja wa Ujiji, mkamuaji mawese wa umri wa miaka hamsini na kitu. Ana kisukari, na alikuwa ameshaambiwa kwamba sukari imeharibu neva za mikono. Nilimuuliza, "Mama, ganzi ikikuamsha usiku unafanyaje?" Akaunyanyua mkono wa kulia na kuukung'uta kama anayemwaga maji. Mgonjwa akifanya hivyo bila kuelekezwa, fikiria kifundo kwanza. Tukilala tunakunja mikono, na njia ambamo mshipa wa fahamu unapita kifundoni inazidi kubana.

Ukimuuliza ganzi iko wapi, atakuonyesha mkono wote. Mwambie afumbe macho, kisha gusa kidole kimoja kimoja kwa pamba. Mshipa unaobanwa kifundoni unahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na ule upande wa kidole cha pete unaotazama cha kati. Upande wa pili na kidole cha mwisho vina mshipa mwingine usiopita katika njia hiyo. Kwa mama yule, pamba ilipogusa kidole cha pete upande wa gumba alisema, "Naisikia kwa mbali." Nilipohamia upande wa pili wa kidole hichohicho, akasema, "Hapo sawa." Mzizi wa neva shingoni haugawi kidole kimoja katikati namna hiyo. Usipoikuta dalili hii usifute ugonjwa wa kifundo, kwani si kila mgonjwa anayo, lakini ukiikuta ina uzito mkubwa.

Kisha nilimwambia akunje vifundo vyote viwili kuelekea chini, migongo ya viganja igusane, akae hivyo dakika moja. Kabla haijaisha, ganzi ikaanza kwenye vidole vilevile. Nyama ya shina la gumba ilikuwa bado imejaa, na gumba lilinyanyuka kwa nguvu.

Shingo usiiruke. Mgonjwa wa shingo huwa na maumivu yanayoshuka begani hadi mkononi, na yanaongezeka akiinamisha kichwa nyuma na kukigeuzia upande unaouma. Wengine hupata nafuu wakiweka mkono juu ya kichwa. Chukua nyundo ujaribu kano za kiwikoni, mbele na nyuma. Zikiruka kwa unyonge upande wa ganzi, angalia shingo, kwa kuwa mshipa ukibanwa kifundoni kano hizo haziguswi. Za mama yule zilikuwa sawa, na shingo iligeuka bila shida.

Sasa mvue viatu. Neva za kisukari huanza kuharibika pale zilipo ndefu zaidi, yaani miguuni, pande zote mbili, ganzi ikipanda taratibu kutoka vidoleni. Kwa kawaida mikono hufuata ganzi ikishakaribia magoti. Miguu ya mama ilisikia pamba vizuri hadi vidoleni, kwa hiyo sukari haikuwa imefika mikononi kwa njia hiyo. Hata hivyo kisukari chenyewe kinaongeza uwezekano wa mshipa kubanwa kifundoni, na wapo wenye matatizo yote mawili, kwa hiyo sukari yake tuliendelea kuifuatilia.

Tulimtengenezea kishikizo cha kadibodi ngumu, pamba na bandeji, kutoka kiganjani hadi katikati ya kigasha, kifundo kikiwa kimenyooka na vidole huru. Mwambie mgonjwa avae kila usiku kwa wiki sita hivi, na apunguze kukamua kwa kifundo kilichokunjwa. Huyu alianza kulala vizuri. Asipopata nafuu, au ukikuta ganzi haiondoki hata mchana, au nyama ya shina la gumba imenywea, mpe rufaa kwa daktari wa upasuaji. Akichomwa steroidi kifundoni na ana kisukari, aambiwe kwamba sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Mmoja usimpe kishikizo umwache aende: mwenye ganzi mikono yote miwili anayeshindwa kufunga vifungo, anayetembea kwa kuyumba au anayeshindwa kuzuia mkojo. Huyo huenda uti wa mgongo wenyewe umebanwa shingoni. Mwandikie rufaa siku hiyohiyo.