Kwadrati 60, sampuli 6: kwa mnaoanza kuhesabu mashimo ya kaa mikokoni

Ukipewa mada ya mikoko kwa ajili ya tasnifu, kuna uwezekano mkubwa swali lako likawa hili: je, mikoko iliyopandwa ina kaa wengi kama msitu wa asili? Ni swali zuri, na pwani yetu ina mahali pa kulijibia. Gazi, kule Kwale, mikoko imekuwa ikipandwa upya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kaa ndio wanaofukua tope, wanaopitisha hewa hadi kwenye mizizi na kuburuta majani yaliyoanguka hadi mashimoni, kwa hiyo wingi wa mashimo yao unakudokezea kama msitu umeanza tena kufanya kazi zake au ni miti tu iliyorudi.

Kazi yenyewe ni ya kuinama. Maji yakishakupwa unaweka kwadrati, yaani fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, unahesabu mashimo yaliyomo, unaandika, unasogea. Shimo lenye mwenyewe hujulikana: mdomo wake una tope bichi, au pembeni pametapakaa vidonge vidogo vya matope ambavyo kaa amekwisha kuvichuja chakula. Lililohamwa limezibwa na majani au kingo zake zimemomonyoka. Baada ya wiki unakuwa na jedwali lenye mistari 60, na kompyuta inalipokea bila kuuliza swali.

Swali inabidi ujiulize mwenyewe: kitu ninachokilinganisha, yaani kupandwa na kutopandwa, kimetokea mara ngapi? Watu hawakupanda kwadrati, walipanda maeneo. Ukiweka kwadrati 30 katika eneo moja lililopandwa na 30 katika kipande kimoja cha msitu wa asili, kupandwa kumetokea mara moja tu. Ulichopima kwa bidii ni tofauti kati ya mahali pawili, na mahali popote pawili hutofautiana, hata kama hakuna aliyepanda mche wowote. Labda hapa mchanga ni mwingi zaidi, labda pale kijito kinapita karibu. Ni sawa na mtu anayetaka kujua kati ya watu wa Tanga na wa Pemba ni wepi warefu, akapima ndugu 10 wa tumbo moja Tanga na ndugu 10 wa tumbo moja Pemba, kisha akaandika kwamba amepima watu 20.

Kosa hili huitwa marudio bandia. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert ndiye aliyelipigia kelele mwaka 1984. Alipitia tafiti 176 za majaribio ya uwandani zilizokwisha kuchapishwa, akalikuta katika asilimia 27 kati yake. Na alipoangalia zile tu zilizotumia takwimu za kupima dhana, kiwango kikawa asilimia 48. Hao walikuwa watafiti waliobobea, wenye wahariri juu yao.

Tuchukue mfano wenye namba. Nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini sura yake utaikuta mikokoni. Una maeneo 3 yaliyopandwa na 3 ya asili, kila moja kwadrati 10. Wastani wa mashimo kwa kwadrati katika yaliyopandwa ni 12, 19 na 26. Katika ya asili ni 20, 27 na 37. Ndani ya eneo moja, kwadrati hupishana kwa mkengeuko sanifu wa 6 hivi. Kwa jumla yaliyopandwa yana wastani wa 19 na ya asili 28, tofauti ya mashimo 9.

Anayezichukua kwadrati zote 60 kama sampuli huru anapata kosa sanifu la 2.2 na t ya 4.0 kwa digrii za uhuru 58. Thamani ya p inashuka chini ya 0.001, na sherehe inaanza. Sasa chukua wastani wa kila eneo, ubaki na namba 6 tu, ufanye jaribio lile lile. Tofauti bado ni 9, lakini kosa sanifu limekuwa 6.4, t ni 1.4, digrii za uhuru ni 4, na p iko karibu na 0.23. Data ni ile ile, na tope lililoko kwenye viatu ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili tumekubali kuwa eneo lenye wastani wa 12 na eneo lenye wastani wa 26 yote yalipandwa, na bado yako mbali kuliko ile tofauti tunayoitangaza.

Kwa wanaotumia R, njia hizi mbili hutoa jibu moja pale kila eneo lina idadi sawa ya kwadrati:

```r
t.test(wastani ~ aina, data = maeneo, var.equal = TRUE)
library(lmerTest)
summary(lmer(mashimo ~ aina + (1 | eneo), data = kwadrati))
```

Ile `(1 | eneo)` ndiyo inayoiambia modeli kwamba kwadrati za eneo moja ni ndugu. Angalia kitu kimoja kwenye majibu: digrii za uhuru za `aina`. Una maeneo 6 na aina 2, basi hazipaswi kuzidi 4. Ukiona 56 au 58, kuna kitu hukukiandika sawa, mara nyingi ni `eneo` lililoitwa 1, 2, 3 kwa yaliyopandwa na tena 1, 2, 3 kwa ya asili, kompyuta ikadhani eneo la 1 ni lile lile. Yape majina tofauti tangu kwenye daftari. Hesabu za mashimo zikiwa ndogo, zenye sifuri nyingi, utahitaji modeli ya Poisson au binomia hasi badala ya hii, lakini suala la undugu linabaki pale pale.

Sasa, mtu anaposikia p imepotea, jambo la kwanza linalomjia ni kurudi akaongeze kwadrati. Ukiongeza kutoka 10 hadi 30 kwa kila eneo katika mfano wetu, yaani kazi mara tatu, kosa sanifu linatoka 6.4 hadi takriban 6.2. Umechubua magoti bure. Lakini ukichukua zile zile kwadrati 60 ukazigawa kwa maeneo 12, kila moja 5, kosa sanifu linashuka hadi kama 4.6. Sababu ni kwamba tofauti kubwa iko kati ya maeneo, na kwadrati za ziada hupunguza tofauti ya ndani tu. Najua mtumbwi na mafuta ya boti ni ghali kuliko fremu ya mabomba ya plastiki, na msimamizi anapenda kusikia "n = 60". Hata hivyo mimi kati ya maeneo 12 yenye kwadrati 5 na maeneo 4 yenye kwadrati 15, sihitaji kufikiri mara mbili.

Kugumu zaidi ni kujua eneo ni lipi. Kwenye ramani unaweza kuona maeneo manne yaliyopandwa. Ukifika unakuta ni shamba moja lililokatwa na vijia vya kupitishia mitumbwi na miguu, limepandwa na kikundi kimoja, msimu mmoja, kwa miche iliyotoka mahali pamoja, na linapata maji kutoka kijito kimoja. Hayo kwangu ni eneo moja. Hakuna umbali wa kukariri, mita 50 au 200, unaofanya sehemu mbili ziwe huru. Uliza kwanza: kuna kitu gani kinachoweza kuzipandisha au kuzishusha zote kwa pamoja bila kuhusiana na upandaji? Wazee wa kijijini na wale waliopanda watakujibu haraka kuliko picha za setilaiti, kwa hiyo waulize nani alipanda wapi, mwaka gani, na miche ilitoka wapi.

Angalia pia mstari wa maji. Kutoka baharini kuelekea nchi kavu miti hubadilika, mlilana mbele, mkoko katikati, mkandaa na mchu nyuma, na kaa nao hubadilika. Kama yaliyopandwa yote yako upande wa bahari na ya asili yote yako nyuma, hata maeneo 12 hayakusaidii, maana unalinganisha mbele na nyuma. Oanisha basi: kila eneo lililopandwa lipate mwenzake wa asili aliye kwenye kimo kile kile cha maji, ikiwezekana kwenye kijito kile kile, na jozi hiyo iingie kwenye modeli.

Siku nazo zina ujanja wao. Ukihesabu yaliyopandwa yote wakati wa bamvua na ya asili yote wiki inayofuata wakati wa maji mafu, tofauti ya siku imejivika joho la tofauti ya upandaji. Ukiweza, hesabu jozi moja kwa siku moja. Na ukirudi kwenye maeneo yale yale 6 kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa na vipimo 72 lakini maeneo ni 6 bado. Ziara hizo zinakueleza mabadiliko ya majira, hazikuongezei maeneo.

Dalili utaiona hata kabla ya modeli. Chora nukta za kwadrati zote, kila eneo na safu yake. Nukta za eneo moja zikikusanyika pamoja huku maeneo ya aina moja yakiachana, undugu ni mkubwa. Katika mfano wetu uwiano wa ndani ya eneo, yaani sehemu ya tofauti zote iliyo kati ya maeneo ya aina moja, ni kama 0.6, maana yake kwadrati 60 zina uzito wa takriban 9 zilizo huru.

Ndani ya eneo usirushe fremu begani. Itaangukia penye nafasi, na mizizi ya mkoko itakufanya uisogeze "kidogo tu" kila mara. Chukua namba nasibu za mita mbele na mita pembeni, na fremu ikigoma kwenye mizizi, tumia kanuni uliyoiandika kabla ya kutoka nyumbani.

Kuna wakati eneo lililopandwa ni moja tu na hakuna namna. Hapo utafiti haujafa. Unaweza kueleza kwa usahihi eneo hilo lina mashimo mangapi, na kwa swali hilo kwadrati zilizowekwa kwa nasibu ni sampuli halali kabisa. Unaweza pia kutafuta maeneo kadhaa ya asili, tuseme 6, uone kama hilo moja linaangukia ndani ya upana wao au nje. Sentensi ya kuandika kwenye matokeo itakuwa ya namna hii: "Eneo lililopandwa lilikuwa na mashimo machache kuliko maeneo yote 6 ya asili tuliyoyapima, lakini kwa kuwa eneo lililopandwa ni moja tu, hatuwezi kutenga athari ya upandaji na sifa nyingine za mahali hapo." Iweke kwenye matokeo, usiifiche kwenye aya ya mwisho ya mapungufu, maana mtahini huanza kusoma kwenye jedwali la digrii za uhuru.