Si kila swali la Kiingereza hupandisha sauti

Swali: Mwalimu, nilijifunza kwenye video kwamba katika Kiingereza sauti hupanda mwisho wa swali na hushuka mwisho wa maelezo. Naifuata kanuni hiyo, lakini nikimuuliza mwenzangu Mwingereza "wapi?", yeye hurudia tu alichokwisha kusema badala ya kunieleza zaidi. Nakosea nini?

Jibu: Mwenzako anakujibu sawasawa kabisa na swali ambalo sauti yako imeuliza. Kosa ni la kanuni uliyofundishwa, ambayo naletewa karibu kila wiki na wanafunzi walioikariri wakaiamini. Mifano nitaiandika kwa Kiswahili, nawe uitamke kwa Kiingereza, kwa kuwa tunachochunguza ni mwendo wa sauti.

Tuseme mwenzako amesema, "Nilikutana naye London." Ukitamka neno la Kiingereza la "wapi" huku sauti ikipanda, yeye huelewa kwamba hukusikia vizuri, au umesikia lakini huamini, na kwa hiyo hurudia: "London." Ukilitamka neno hilohilo kwa sauti inayoanzia juu na kuteremka hadi chini kabisa, huelewa kwamba umesikia na sasa unataka kujua ni sehemu gani ya mji huo, naye atakutajia mtaa au kituo cha treni. Neno ni moja, tena lina silabi moja tu, lakini maswali ni mawili.

Sababu yake si ngumu. Neno la kuulizia, liwe "wapi", "nani" au "lini", limekwisha kutangaza kwamba hili ni swali, kwa hiyo sauti haina haja ya kulitangaza tena. Ndiyo maana maswali ya namna hiyo kwa kawaida huteremka katika Kiingereza, na yakipanda huongeza jambo jingine, kama vile upole au ombi la kurudiwa. Kupanda kumezoeleka hasa katika maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana, na hata huko mtu anayetaka tu kuthibitishiwa anachokijua huweza kuteremsha.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika kijiswali kinachofungia sentensi. Chukua "Ameondoka, sivyo?" Mkia huo ukiteremka, msemaji ana hakika kwamba fulani ameondoka na anatarajia ukubaliane naye, ukipanda, hajui, na anasubiri umwambie. Mtu anayepandisha mikia yote kwa sababu ni maswali huonekana hana hakika hata ya mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Shaka nayo ina mwendo wake, ambao video hizo huuruka: sauti huteremka kisha ikainuka kidogo mwishoni. Ukiulizwa kama chumba ni kizuri, nawe ukajibu "Ni kikubwa" kwa mwendo huo, msikilizaji husikia "lakini" ambayo hukuitamka, na huenda akakuuliza kasoro ni ipi. Jibu lilelile likiteremka moja kwa moja humaanisha kwamba umemaliza.

Ugumu unaowapata wasemaji wa Kiswahili uko mahali padogo. Sisi tumezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo sauti yetu ina silabi mbili za kuchezea. Neno la Kiingereza la "wapi" halina nafasi hiyo, na mteremko wote sharti uingie katika silabi moja, ambayo ni lazima uirefushe kidogo. Jirekodi kwa simu, kisha uvumishe sauti ileile huku midomo imefungwa, bila maneno. Mvumo ukibaki katikati bila kufika chini, mwenzako hatasikia mteremko, hata kama wewe unaamini umeuteremsha.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaouza mishale ya juu na chini ya kuonyesha mwendo wa sauti kana kwamba kila mshale una maana moja, na wale wanaotisha watu kwamba anayepandisha sauti mwisho wa maelezo hajiamini. Huko Belfast, Glasgow na Liverpool, maelezo ya kawaida kabisa huweza kupanda, wala msemaji hana shaka yoyote. Vijana wengi wa Australia na Nyuzilandi hupandisha katikati ya masimulizi ili kuhakikisha kwamba msikilizaji bado yuko pamoja nao. Ukimpima mtu wa Glasgow kwa mshale wa video, utamjibu kana kwamba amekuuliza, ilhali amekupa taarifa. Basi kabla ya kuamua kwamba mtu ana shaka, sikiliza kwanza jinsi anavyomaliza sentensi ambazo hazina utata, kama vile anapotaja jina lake au siku ya leo, halafu ulinganishe na ile inayokutatiza.