Kikomo cha ampea 1.3 kwenye mota ya dirisha la kitalu nyumba

Swali: Dirisha la paa la kitalu nyumba changu linafunguliwa na mota ya volti 12, koili yake omu 6, kupitia L298N na Arduino Uno. Kati ya miguu ya SENSE na ardhi nimeweka rezista ya omu 0.5. Mota ikitembea inakula ampea 0.4. Nimeweka kikomo cha 1.3. Asubuhi inazimwa papo hapo inapoanza, alasiri inafika mwisho na kuendelea kuunguruma. Kosa liko wapi?

Jibu: Mota ambayo haijaanza kuzunguka haina tofauti na mota iliyokwama, kwa kuwa katika hali zote mbili mkondo unazuiwa na ukinzani peke yake. L298N hula takriban volti 2, hivyo zinazobaki 10, zikigawanywa kwa omu 6.5 za koili na rezista, zinatoa kama ampea 1.5. Ndiyo maana kila inapowashwa unavuka 1.3.

Alasiri hesabu inageuka. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo koili iliyopata joto la nyuzi 40 zaidi inafika karibu omu 7. Betri nayo ikishuka hadi volti 11.5, mota iliyokwama kabisa inavuta 1.27 tu, na programu yako haioni kitu.

Shusha kikomo hadi ampea 1.0, kisha utenganishe kuanza na kukwama kwa muda. Puuza milisekunde 250 za mwanzo, halafu dai usomaji mkubwa udumu milisekunde 80, ili upepo unaosukuma kioo kwa kitambo usiizime. Kwa `analogReference(INTERNAL)` kipimo kamili ni volti 1.1, na ampea 1.0, yaani volti 0.5, inasomeka 465. Sehemu hii iendeshwe kila milisekunde 5:

```cpp
if (millis() - mwanzo > 250 && analogRead(A0) > 465) {
  if (++hesabu >= 16) zima();
} else hesabu = 0;
```

Namba hizi zithibitishe kwenye dirisha lenyewe: bana kipande cha mbao kwenye fremu na usome Serial Monitor. Ukipata karibu 190 likitembea na zaidi ya 550 likibanwa, una nafasi ya kutosha. Usilibane zaidi ya sekunde moja au mbili, kwani umeme wote unageuka joto.

Kama unapunguza kasi kwa PWM kwenye ENA, usomaji huanguka hadi sifuri kila transista zinapozimwa, maana mkondo unarudi kupitia daiodi bila kupita kwenye rezista, na hesabu hapo juu itaanza upya kila mara. Kwa dirisha sioni haja ya PWM. Wacha ENA iwe juu muda wote. Na baada ya kuzima, programu ikubali mwelekeo wa kinyume tu, vinginevyo kihisi cha joto kitaisukuma mota ukutani tena na tena hadi gia zilike.