Usimkimbilie mtu na "Mama Fulani" kabla hujauliza

Mimi mzaliwa wa Lindi mjini nikaolewa Newala, na aibu yangu ya kwanza ukweni haikuwa kupika wala kuamkia wazee, ilikuwa majina. Mtaani kwetu mtu mzima haitwi jina lake. Ni Mama Somoe, Baba Shaibu, basi, unaweza ukaazimana chumvi na jirani miaka mitatu hujui anaitwa nani. Kuna siku namtumia mmoja hela kwa simu, likatokea jina Hadija nikakata haraka nikidhani nimekosea namba, kumbe ndo yeye.

Sasa mie nikajifanya mjanja. Jirani yangu ukuta kwa ukuta ana watoto wawili, mkubwa Hamisi yuko darasa la pili, nikaanza Mama Hamisi, Mama Hamisi. Anaitika lakini kwa ubaridi, na tukiwa bombani nikimwita wenzake wanaangaliana. Wiki ya pili wifi yangu akanivuta pembeni akasema we, yule ni Mama Zuhura. Zuhura ndo kifungua mimba wake, alifariki ana miaka minne. Yaani mie kila asubuhi nilikuwa namwambia yule mtoto hakuwepo, na umama wake umeanza kwa Hamisi.

Kilichonipoteza ni kwamba niliwasikiliza watoto. Watoto wanamwita mtu kwa yule wanayecheza naye, kwa hiyo marafiki wa Hamisi wote watakwambia Mama Hamisi. Sikiliza wanawake wa rika lake, au mume wake anavyomwita. Na usije ukasema basi kila aliyefiwa aitwe kwa marehemu, hapana, kuna wengine jina lile likitajwa tu siku imeharibika, na ndugu zake walishahamia kwa mtoto anayefuata. Kwa hiyo uliza, tena muulize wifi au mkwe, usimuulize mwenyewe.

Walioachika wakaolewa tena ndo kazi zaidi. Kuna dada hapa mtoto wake wa kwanza anaishi kwa bibi yake Masasi, upande wa baba. Kwao wanamwita kwa huyo, ukweni wanamwita kwa mtoto aliyezaa hapa, na kila upande unajua unachofanya. Mie namsikiliza akipokea simu, akisema "Mama Tatu hapa", nami namwita hivyo hivyo. Kwa wanaume angalia sana, mtu anaweza akawa na kifungua mimba wa nje ambaye mkewe hataki kumsikia, ukimwita Baba wa huyo sebuleni kwake chai hunywi.

Asiye na mtoto je? Hapa naongea yangu. Nilikaa miaka minne sijazaa na miaka yote minne niliitwa bi harusi, kanga za harusi zishapauka mie bado bi harusi! Waliofika ukweni nyuma yangu wakazaa wakapanda kuwa Mama nani, kwenye shughuli wanaulizwa mchele uwe kilo ngapi, mie natumwa kuni. Mume wangu naye, wenzake wote ni Baba fulani, yeye "kijana wa mzee". Waarabu wana Abu na Umm, na Mwingereza Edward Tylor aliipa desturi hii jina la kitaalamu tangu 1889, lakini sijui kama aliwahi kutumwa kuni kwa sababu hiyo.

Kwa mwanamke kama huyo usimtungie Mama wa hewani kumfurahisha, atajua unamwonea huruma. Mwite Bi na jina lake, au kazi yake kama ni mwalimu au nesi, au shangazi au mama mdogo kama watoto wako ndo wanamwita hivyo.

Mie niliokolewa na mkwe wangu. Dada yangu alimleta binti yake Rehema akae kwetu asome, na Wamakonde, Wamakua na Wamwera asili yetu ukoo unafuata upande wa mama, mtoto wa dada yako ni wako, anakuita mama sio shangazi. Jioni moja mkwe yuko barazani na wageni akaniita kwa sauti, "Mama Rehema, lete maji." Hakueleza kitu. Kesho yake mtaa mzima ukawa Mama Rehema, na mwezi uliofuata nikaulizwa habari ya mchele.

Baadaye nikamzaa Salumu wangu. Watu wakataka kunibadilisha, Rehema yuko darasa la tatu akasikia mtu ananiita Mama Salumu akanyamaza siku nzima, hata ugali hakula vizuri. Nikamwambia mume wangu aendelee na lile la zamani, naye akalitangaza kwa wenzake. Mpaka leo ukiniita Mama Salumu naitika, ila nakujua wewe ni mgeni.