Tokeni iliyokataliwa kwa dakika nne: saa ya seva iliyochelewa

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kutunza seva, hasa wa ofisi ndogo za hapa Arusha ambako mtu mmoja anashika mtandao, kompyuta na printa zote. Kuna tatizo moja linaloumiza watu kwa sababu linajiponya lenyewe kabla hujafika kulitazama.

Ilikuwa ofisi moja ya safari, maeneo ya Njiro. Ina seva mbili. Ya kwanza inapokea jina na nywila kisha inatoa tokeni, yaani kibali cha muda cha kuingilia; ya pili ina mfumo wa bukingi, nayo inaikagua ile tokeni kabla ya kumruhusu mtu. Dada wa mapokezi alinipigia asubuhi: "Kaka, naingia vizuri tu, nikifungua bukingi inaniambia sina ruhusa. Jana ilikuwa hivyo hivyo, nikaenda kunywa chai, nimerudi nikakuta inafanya kazi."

Mtangulizi wangu alikuwa anazima na kuwasha programu ya bukingi, na kweli ilikuwa inapona. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kuwasha upya hakukuwa dawa. Kilichoponya ni zile dakika zilizopita wakati wa kupiga simu, kuingia kwenye seva na kusubiri programu isimame. Ukisikia malalamiko ya namna hii, "nikisubiri kidogo inakubali", weka nywila na ruhusa pembeni, uangalie saa kwanza.

Nilimwomba aingie tena, nikaichukua tokeni yake, ambayo ina sehemu tatu, na kuifungua ile ya katikati. Humo mlikuwa na namba hizi:

```
"nbf": 1718000052, "exp": 1718000952
```

`nbf` ni wakati ambao kabla yake tokeni haipaswi kukubaliwa, na `exp` ni wakati wa kufa kwake. Tofauti ni sekunde 900, yaani dakika 15. Namba hizo ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970, na unazigeuza hivi:

```
date -u -d @1718000052
```

Jibu lilikuwa tarehe 10 Juni 2024, 06:14:12 UTC. Nikafungua logi ya seva ya bukingi: ombi la dada limekataliwa saa 06:10:05. Tokeni ilifika ikiwa, kwa macho ya seva ile, haijazaliwa bado. Seva ilikuwa nyuma kwa sekunde 247, yaani dakika 4 na sekunde 7, na ndizo dakika za ile chai. Saa yake ilipofika 06:14:12 iliikubali bila neno. Baada ya dakika 15 ilitolewa tokeni mpya, na mateso yakaanza upya. Kuna jambo la pili hapo ambalo watumiaji hawawezi kulilalamikia: seva iliyochelewa inaendelea kuikubali tokeni dakika nne baada ya kufa kwake.

Hapa niseme neno kuhusu kusoma saa. Dada aliniambia "saa tatu na robo hivi", simu yangu inasema 09:14, logi ya seva ya kwanza inasema 06:14. Zote ni wakati ule ule. Tokeni na vyeti vya usalama vinahesabu UTC, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, kwa hiyo linganisha seva kwa `date -u` na usiguse ukanda wa saa. Nimeshakuta mtu ameona logi iko nyuma kwa saa tatu, akaisogeza saa ya seva mbele kwa mkono, na tokeni zote zikawa zinafika zimeshakufa.

Mwenye ofisi aliuliza mbona tovuti yao ya nje, iliyo kwenye seva hiyo hiyo, haikulalamika cheti kilipohuishwa. Cheti cha tovuti hukaguliwa na kivinjari kwa saa ya mgeni, si ya seva; na hata seva yenyewe ikikikagua, chake kinatoka Let's Encrypt, nao hurudisha nyuma mwanzo wa uhalali kwa saa nzima, hivyo dakika nne zinamezwa. Cheti unachojitolea mwenyewe cha ndani huwa halali kuanzia sekunde ile kilipotolewa, na seva iliyochelewa ikikikagua itasema bado hakijaanza. Ukubwa wa kosa ndio unaoamua nani ataumia. Zile namba sita za kuthibitisha kuingia, zinazotolewa na programu ya kwenye simu, hubadilika kila sekunde 30, kwa hiyo huanza kugoma mapema sana. Kerberos, inayotumika kwenye Active Directory, kwa kawaida huvumilia dakika 5. Saa ikirudi nyuma miaka kwa sababu betri ya bodi imekufa, karibu kila cheti hugoma kwa pamoja.

Sasa, kwa nini 247? Kosa la saa nyingi kamili mara nyingi ni mkono wa mtu au ukanda wa saa. Kosa lisilo na mpangilio, linaloongezeka taratibu, ni fuwele ya saa ya mashine inayoteleza. Nilipima siku ile na kesho yake: ilikuwa inapoteza kama sekunde 2.6 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa seva isiyosahihishwa. Gawanya 247 kwa 2.6, unapata siku 95, na ukirudi nyuma siku hizo unafika mapema mwezi Machi. Nikauliza nini kilibadilika Machi. Faiwoli ya zamani iliungua, ikafungwa mpya, na siku hiyo seva ziliwashwa upya. Faiwoli mpya iliruhusu wavuti na barua pepe tu. UDP 123, mlango wa NTP inayosawazisha saa kupitia mtandao, ulifungwa. Seva ya kwanza ilipona kwa kuwa ilipewa ruhusa ya kutoka bila kizuizi.

`timedatectl` ilikuwa inasema yote hayo siku zote, ila watu husoma mstari mmoja:

```
System clock synchronized: no
              NTP service: active
```

`active` maana yake huduma imewashwa. Mstari wa kwanza ndio unaojibu kama saa imesawazishwa.

Sikufungua faiwoli kwa kila seva. Niliweka chrony, programu ya kusawazisha saa, kwenye zote mbili, ya kwanza ichukue saa nje na kuigawa ndani, ili intaneti ikikatika zibaki zinakubaliana:

```
pool africa.pool.ntp.org iburst
allow 192.168.10.0/24
local stratum 10
```

Kwenye seva ya bukingi, niliondoa mistari ya `pool` iliyokuja na programu, nikaacha hii:

```
server 192.168.10.5 iburst
driftfile /var/lib/chrony/chrony.drift
makestep 1 3
rtcsync
```

`makestep 1 3` inairuhusu saa iruke moja kwa moja kama kosa linazidi sekunde 1, lakini katika masahihisho matatu ya kwanza tu. Baada ya hapo chrony huisogeza pole pole, na hata kwa kasi ya juu iliyowekewa kwa kawaida sekunde 247 zingechukua kama dakika 50. Nilifanya kazi hii usiku baada ya ofisi kufungwa, maana kuruka mbele kunaweza kupita juu ya kazi iliyopangwa dakika hizo. Kama seva yako imetangulia, kuwa mwangalifu zaidi: kuirudisha nyuma kwa kuruka kunaweza kuvuruga mpangilio wa rekodi kwenye hifadhidata, hivyo simamisha programu kwanza.

Mara ya kwanza haikukubali. `chronyc sources` ilionyesha `^?` na `Reach` ikiwa 0, dalili kwamba hakuna jibu hata moja linalorudi. Kumbe seva ya kwanza nayo ina faiwoli yake:

```
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 123 proto udp
```

Alama ikageuka `^*`, na `Reach` ikapanda hadi 377, maana yake majaribio manane ya mwisho yote yamejibiwa. Asubuhi saa mbili na nusu dada aliingia, akafungua bukingi papo hapo. Nilikaa naye hadi dakika 15 zikapita na tokeni ya pili ikatolewa, nayo ikakubaliwa. Tangu siku hiyo kuna skripti inayosoma mstari wa `System time` kwenye `chronyc tracking` kila saa, na kosa likizidi sekunde moja napata ujumbe kwenye simu.